Siku moja maishani mwangu: hotuba fupi, jinzi moja na tepe zinazodanganya

Saa 11:30 alfajiri. Hapa Katwe, Kampala, bado giza, ila muuza chapati wa chini ya nyumba yetu ameshawasha jiko. Mezani nina jinzi ya kiume, tepe ya fundi cherehani, rula ya mwanangu ya shule na kurasa mbili za hotuba niliyoandika jana usiku. Leo nafungua mafunzo ya wauza mitumba wanaouzia kwenye simu. Wengi wana vibanda soko la Owino kama mimi. Wapo Wakongo wa hapa hapa Katwe, wapo Wanubi wa Bombo, na Mkenya mmoja wa viatu. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na wateja wetu wa Arua, Bunia na Butembo wanatuandikia kwa Kiswahili vilevile.

Mada ni kuandika tangazo la bidhaa kwa jicho la mnunuzi. Nasoma hotuba huku nakunywa chai, naona ukurasa wa kwanza mzima ni salamu na habari za maendeleo ya biashara mtandaoni. Naufuta wote. Mtu aliyefunga kibanda siku ya kazi hakuja kusikiliza hayo, na mwenye kibanda cha jirani hatamsubiri.

Saa 2:30. Chumba tulichopewa kiko juu ya duka la vitambaa. Tunapanga viti, tunasukuma meza mbili ndefu katikati kwa sababu leo nguo zitalazwa. Wanaanza kuingia, kila mmoja na mfuko wake.

Saa 3:15. Nasimama. Hotuba ilikuwa hivi, karibu neno kwa neno:

“Shikamooni wazee wangu. Akina mama, vijana, karibuni. Nitasema kidogo, halafu tushike kazi.

“Jinzi hii naitangaza hivi: ‘Jinzi kali, orijino, gredi A, saizi 32, bei poa, njoo inboksi.’ Mnacheka kwa sababu mnaijua. Sasa naombeni kitu kimoja: mpaka saa sita, humu ndani asiwepo muuzaji. Wote ni wanunuzi. Uko Arua, pesa iko kwenye simu, na nguo hujaishika.

“Ukija kibandani kwangu Owino unafanya nini? Hunisalimii ukaniuliza kama jinzi ni kali. Unaichukua, unafunga kifungo, unauzungushia ukanda wake shingoni uone kama ncha zinakutana. Unaigeuza ndani nje. Unatazama mapajani, pale kitambaa kinapokwisha mapema. Unavuta zipu. Unaiinua kwenye mwanga. Ndipo unasema, ‘Mama, bei gani?’ Kabla hujafungua mdomo, mikono yako imeshamaliza maswali. Aliye Arua mikono yake haifiki hapa, na tangazo letu halimwambii hata kimoja cha hayo.

“‘Kali’ ni maoni yangu mimi ninayetaka pesa yake. ‘Gredi A’ ni lugha ya belo, yetu sisi na wenye maghala. Anayenunua suruali moja hajawahi kuiona gredi B akalinganisha. Lakini linaloniudhi zaidi ni ‘saizi 32’, kwa sababu linafanana na jibu. Lebo ilishonwa kiwandani. Viwanda havikubaliani 32 ni ipi, na tangu hapo suruali imevaliwa na kufuliwa mara nyingi. Hii nimeipima leo asubuhi: mzunguko wa kiuno ni sentimita 86, yaani karibu inchi 34. Anayevaa 32 akiinunua itampwaya, na atanipigia kwa hasira. Anayevaa 34, ambaye ingemkaa sawasawa, aliliona tangazo akalipita.

“Basi leo tunajibu maswali matatu, kwa mpangilio wa mnunuzi. Itanitosha? Ina kasoro gani? Mpaka inifikie nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Sifa zikipata nafasi, zije mwisho. Asanteni. Toeni tepe zenu.”

Basi. Sijui kama hotuba ya kufungua mafunzo inatakiwa kuwa na zaidi ya hapo. Mzee mmoja wa Bombo alitaka tupige makofi, lakini tepe zilikuwa zimeshatoka mifukoni.

Saa 3:30. Hapa ndipo asubuhi yote iliishia. Jinzi inalazwa mezani, kifungo kimefungwa, ukanda wa mbele na wa nyuma umelinganishwa juu. Hilo la kulinganisha ndilo watu wanaliruka: ukanda wa mbele kwa kawaida hushuka, na ukiupima umeshuka unapata namba ambayo mwenzako hataipata. Halafu unapima kutoka ukingo hadi ukingo bila kuvuta, unazidisha mara mbili. Mguu wa ndani unaupima kuanzia pale mishono minne inapokutana kati ya miguu, mpaka mwisho wa pindo. Paja unalipima chini kidogo ya hapo, kutoka ukingo hadi ukingo. Pindo unalipima chini.

Mama mmoja muuza magauni akasoma kiuno: 43. Kijana wa Bombo, jinzi ile ile, meza ile ile: 42. Kila mmoja akashikilia lake. Nikaomba tepe zote mbili nikazilaza kwenye rula ya shule. Ya mama ilikwenda sawa na rula mpaka 30. Ya kijana, alama yake ya 30 ilikuwa imeipita ya rula karibu milimita saba. Tepe za kitambaa na plastiki hunyooka kwa kuvutwa kila siku, na ikinyooka inasoma pungufu. Sentimita moja si kitu, utasema, lakini kiuno kinazidishwa mara mbili: 84 badala ya 86. Karibu inchi nzima, na katika suruali za kiume inchi moja inatosha kumhamisha mtu saizi. Tukazipima tepe zote chumbani kwa rula. Mbili zikaenda kwenye ndoo ya taka, moja yake ikiwa ya mwenye duka la chini aliyekuja kuchungulia tu.

Saa 4:40. Kuhusu kitambaa tulikwenda haraka. Ikiwa lebo ya ndani inaonyesha pamba asilimia 98 na elasteni 2, suruali itanyooka kidogo kiunoni, na uandike hivyo. Pamba tupu haina huruma. Lebo ikiwa imekatwa, vuta ukanda kwa mikono miwili utajua.

Kilichozua ubishi ni kasoro. Jinzi yetu ina doa la rangi ya nyumba, upana wa kidole, mguu wa kushoto chini ya goti. “Mwalimu,” akasema Mkenya wa viatu, “nikionyesha doa, nani atanunua?” Nikamuuliza kama wateja wakija kibandani kwake huwa anawafunga macho. Mama wa magauni akanisaidia kuliko nilivyojisaidia: alisema mteja wake wa Butembo huuza tena kwa rejareja, mzigo unavuka mpaka wa Kongo pale Mpondwe, na kurudisha gauni moja kunagharimu kuliko gauni lenyewe. Mtu wa namna hiyo doa likimkuta huko hadai pesa, anaacha tu kununua kwako. Wakakubaliana doa lipigwe picha karibu, na sarafu ya 500 pembeni ili ukubwa wake uonekane, na bei iliyokuwa 30,000 ishuke iwe 25,000. Mkenya hakuridhika, ila aliandika.

Saa 5:30. Tangazo tulilomaliza nalo ubaoni:

“Jinzi ya kiume, bluu iliyokoza, mguu ulionyooka. Ikilazwa, kwa sentimita: kiuno 43 (mzunguko 86), mguu wa ndani 79, paja 31, pindo 19. Pamba tupu, haivutiki. Ina doa dogo la rangi chini ya goti la kushoto, tazama picha ya 4. Zipu nzima, mapaja hayajachakaa. Sh. 25,000 Kampala, Arua 32,000 mpaka stendi ya basi. Laza suruali yako inayokukaa vizuri, ipime hivi hivi, nitumie kiuno na mguu wa ndani.”

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukimuuliza mtu kiuno chake, atakutajia namba ya lebo anayoikumbuka, au atajipima tumboni juu ya shati. Ukimwambia apime suruali yake, mnalinganisha nguo kwa nguo.

Saa 8 mchana. Niko Owino. Nataka kuiweka jinzi kwenye stetasi ya WhatsApp, napiga picha kibandani, inatoka na rangi ya bahari. Juu yetu kuna turubai la bluu, kila kilicho chini yake kinakuwa cha bluu. Natoka mpaka kwenye njia ya wachukuzi, naitandika jinzi juu ya kiroba cheupe kivulini, nje ya turubai, simu bila taa. Sasa rangi ni ile ninayoiona kwa macho, na weupe wa kiroba unamwonyesha mtazamaji kwamba picha haijapotosha. Mchukuzi mwenye belo kichwani ananitukana kwa haki.

Saa 10. Ujumbe kutoka Arua: “Yangu 41 na 76.” Hakuna “mambo”, hakuna “bei ya mwisho”. Mguu wa ndani umezidi sentimita tatu, hiyo fundi anakunja. Kiuno kimezidi mbili suruali ikilazwa, yaani nne kwa mzunguko. Namjibu kwamba itampwaya karibu inchi moja na nusu, ataivaa kwa mkanda na itakunjamana nyuma. Anaandika, “Basi acha.” Nafukua lundo, napata nyeusi yenye 41 na nusu, 77, yenye elasteni. Naipima mara mbili, napiga picha kwenye kiroba, namtumia. Anauliza kama ile elasteni imelegea magotini. Sikulifikiria tangazoni, na ni swali zuri, kwa hiyo naongeza picha ya magoti kutoka ubavuni. Pesa inaingia kwenye simu, 32,000 kamili.

Saa 12 jioni. Kifurushi kwa boda mpaka kwenye basi, namba ya simu ya mpokeaji imeandikwa kwa kalamu nene pande mbili. Njiani mama wa magauni ananipigia. Kikao kijacho ni cha magauni, na ana moja lenye mpira kiunoni: likilazwa ni 34, likivutwa ni 47. Anataka kujua aandike ipi. Nimemwambia aandike zote mbili, na alilete, maana kuna swali la kiuno hicho kikivutwa kinakaa vipi kwa mwenye mimba, na hilo atalijibu yeye kuliko mimi.