Ijumaa yangu na shilingi 1,500 zilizokataa kulingana

Saa 12:40 asubuhi

Matatu ya Mamboleo imejaa kabla sijamaliza kufunga mwavuli. Mapajani nimeshika bahasha ya kaki yenye karatasi za benki: taarifa ya mwisho ya akaunti yetu ya zamani na ya kwanza ya akaunti mpya. Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Wikendi iliyopita benki yetu ilihamia mfumo mpya. Ijumaa tarehe 29 saa kumi jioni walifunga, Jumatatu tarehe 1 asubuhi wakafungua, na nambari yetu ya tarakimu 10 ikawa ya tarakimu 13. Leo ni tarehe 5, na hesabu za duka na za benki bado hazisemi kitu kimoja.

Saa 1:30

Kabla ya chai naingia kwenye tovuti ya zamani ya benki. Wametuambia itasomeka hadi mwisho wa mwezi huu tu. Ukifungua akaunti mpya huoni historia yoyote: mstari wa kwanza ni `BALANCE B/F`, yaani salio lililoletwa, halafu mambo yanaanza upya kana kwamba duka lilizaliwa Jumatatu. Sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5, kwa hiyo nashusha taarifa za nyuma mwezi baada ya mwezi. Kila mwezi nachukua nakala mbili: PDF ya kuhifadhi na CSV ya kufanyia kazi. Kazi hii inachosha, lakini tovuti ikishafungwa utaomba taarifa hizo tawini na kulipia kila ukurasa.

Saa 2:30

Sasa naangalia kiungo. Taarifa ya zamani inaishia shilingi 655,200, na mpya inaanzia 655,200. Hapo pako sawa. Wengi huishia hapa na kuweka tiki. Ulinganifu huo unaonyesha tu kwamba salio la Ijumaa jioni lilivuka salama. Miamala iliyoingia wakati mlango umefungwa, na iliyofuata baada ya kufunguliwa, haijaguswa.

Nenda mwisho wa taarifa uone. Hadi jana jioni benki inasema tuna 810,800. Daftari letu la fedha, baada ya kuweka kando hundi mbili ambazo wenyewe hawajazipeleka benki, linasema 812,300. Pungufu ni 1,500.

Mzee, mwenye duka, anasimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Elfu moja mia tano tu? Andika ni ada za benki, tufunge ukurasa."

"Mzee, ada zote nimeshaziandika, moja moja. Nipe leo tu."

Ananitazama kidogo, kisha anaitikia kwa kichwa. Kinachonitia wasiwasi ni huo udogo wenyewe. Muamala mmoja ungepotea, pungufu ingekuwa sawa na kiasi cha muamala huo, na sisi hatuna malipo yoyote ya 1,500 wiki hii. Kwa hiyo kuna makosa zaidi ya moja, mengine yanaongeza na mengine yanapunguza, na hizi 1,500 ni mabaki yake tu.

Saa 3:15

Nafungua CSV kwenye Excel. Siibofyi moja kwa moja. Naiingiza kupitia menyu ya data na kuiambia safu za nambari za akaunti, za hundi na za kumbukumbu ni maandishi, la sivyo sufuri za mbele zinamezwa, na nambari ya akaunti ya tarakimu 13 inaonyeshwa kwa ufupisho usiosomeka.

Jaribio la kwanza ni la salio linalotembea. Kwenye faili yangu D ni fedha zilizotoka, E zilizoingia, F salio. Salio la mstari wa juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, lazima lipatikane salio la mstari huu:

```
=ROUND(F2+E3-D3-F3,2)
```

Navuta fomula hadi chini. Sufuri tupu. Jibu hilo linaniambia jambo kubwa: hakuna mstari uliodondoka wakati wa kuchapa, wala uliochapwa mara mbili kwa bahati mbaya. Mstari wa ziada ungekuwa wa karatasi tu, salio lisingeufuata na fomula ingepiga kelele. Basi kama kuna kilichorudiwa, kimerudiwa ndani ya akaunti yenyewe na fedha zimetembea kweli. Kama kuna kilichopotea, hakikuwahi kufika kwetu.

Saa 4:00

Ukiondoa ada, daftari lina miamala 64 tangu Ijumaa jioni na benki ina 65. Tofauti ya mmoja nayo haina maana kubwa, kwa sababu ile ile: miwili ikizidi na mmoja ukikosekana, utaona mmoja tu.

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, wakilinganisha kwa nambari za kumbukumbu za benki. Mfumo mpya unatoa nambari zake upya, na muamala mmoja ukiingizwa mara mbili hupewa nambari mbili tofauti, kwa hiyo kwa macho ya benki ni miamala miwili halali. Mimi hutafuta alama ambayo benki haikuitunga. Kwa wateja wanaolipa kwa simu, alama hiyo ni msimbo wa M-Pesa, ule wa herufi na tarakimu, jumla 10. Mteja anao kwenye ujumbe wake, kijana wetu wa kaunta huuandika kwenye risiti, na benki huunakili kwenye maelezo ya muamala. Mfumo ukibadilishwa mara kumi, msimbo unabaki ule ule.

Nautoa kwenye maelezo na kuuweka safu ya C, kisha nahesabu:

```
=COUNTIFS(C:C,C2,E:E,E2)
```

Nahesabu msimbo pamoja na kiasi kwa sababu benki yetu huandika ada ya muamala chini ya msimbo ule ule. Ukihesabu msimbo peke yake, karibu kila mteja ataonekana amelipa mara mbili.

Mistari miwili inarudisha 2. Ni shilingi 48,000 za mkandarasi wa Ahero, aliyechukua saruji Jumamosi. Mstari wa kwanza una tarehe 30, wa pili tarehe 1, nambari za benki hazifanani hata kidogo, lakini msimbo ni mmoja. Nampigia.

"Kaka, Jumamosi ulilipa mara ngapi?"

"Mara moja, dada. Kwani hazikufika?"

Zimefika, tena mara mbili. Naziandikia 48,000 pembeni kwa kalamu nyekundu na kumwambia Mzee asizihesabu anapopanga malipo ya mabati wiki ijayo. Fedha hizo si zetu, na benki itakapozichukua haitatuuliza kama tumeshazitumia.

Saa 5:20

Hundi mbili tulizodhani hazijalipwa ziligeuka kuwa kelele tu: daftari linasema 000412, benki mpya inaandika 412. Ni hundi ile ile, na jirani yake vilevile. Zile mbili nilizoweka kando asubuhi ni nyingine kabisa, na bado hazijafika.

Saa 5:45

Upande wa fedha zilizotoka hauna misimbo ya M-Pesa, kwa hiyo naupanga kwa kiasi na kusoma kwa macho. 13,000 na 13,000, zote tarehe 1. Hiyo ni kodi ya stoo, ambayo benki huituma yenyewe kila mwanzo wa mwezi kwa agizo la kudumu. Mwezi uliopita tawi lilitutaka tujaze fomu ya agizo lenye nambari mpya ya akaunti, nasi tukajaza. Kumbe na agizo la zamani limehamishwa pamoja na mfumo, na yote mawili yakafanya kazi asubuhi ile ile. Ajenti wa mwenye nyumba anathibitisha kwa simu: amepokea mara mbili.

Kurudishiwa 13,000 ni nusu ya kazi. Agizo moja lisipofutwa, tarehe 1 ijayo tutakuwa hapa tena.

Saa 7:00 mchana

Ugali, omena na sukuma kwa mama wa kibanda. Nakula huku nikipiga hesabu nyuma ya risiti. Zilizozidi upande wa kuingia 48,000, zilizozidi upande wa kutoka 13,000. Ukivirekebisha hivyo viwili, benki ingesoma 775,800. Ili ifike 812,300 panahitajika 36,500. Sasa najua ninachotafuta.

Saa 7:40

Kwenye risiti za Jumanne iko: 36,500, mteja wa Bondo, nondo na misumari. Msimbo wake haumo popote kwenye taarifa. Namwomba anitumie ule ujumbe wa M-Pesa, naye anautuma hima, maana ameanza kuogopa. Kwenye nafasi ya akaunti aliweka nambari ya zamani, ila bila sufuri ya mbele.

Saa 9:10 alasiri

Mawingu yametanda upande wa ziwa. Nafika tawini kabla ya mvua na kabla ya saa kumi wanapofunga. Sikuja na malalamiko ya mdomo. Nina ukurasa mmoja wenye mambo matatu, kila moja na tarehe, kiasi, nambari za benki na msimbo, na nyuma yake nimeambatisha ujumbe wa mteja.

Madam wa huduma anaanza na ile ya Bondo. Anaipata kwenye akaunti ya kusubiria, wanakoweka fedha zisizojulikana mwenyewe. Nambari za zamani zinaelekezwa kwenye mpya, ananieleza, lakini mfumo uliopita ulikuwa ukijaza sufuri iliyosahaulika na huu haujazi. Ile ya Ahero ilibaki kwenye foleni wikendi, ikaingizwa, kisha foleni ikatumwa tena Jumatatu.

"Hii ya kurudishwa mngeweza kunyamaza," anasema.

"Siwezi, madam. Vitabu vyangu visingefunga."

Anagonga muhuri kwenye nakala yangu na kuandika saa. Agizo la zamani la kodi analifuta nikiwa nimesimama pale, na naomba aichape hiyo karatasi pia.

Saa 11:30 jioni

Mvua inapiga mabati ya duka. Daftari la fedha sikuligusa, kwa kuwa lilikuwa sahihi tangu asubuhi. Makosa ni ya benki, na mahali pake ni kwenye ukurasa wa ulinganisho:

```
810,800 - 48,000 + 36,500 + 13,000 = 812,300
```

Mzee anausoma mara mbili, anaweka sahihi na kuniuliza kama wateja wengine wamehifadhi nambari ya zamani kwenye simu. Wapo. Tunaandika nambari mpya kwa herufi kubwa, tunaibandika kaunta, na kijana anaanza kuwatumia ujumbe walio na deni.

Kwenye faili yangu nimeacha mistari mitatu mitupu ya wiki ijayo, kila mmoja na kiasi chake. Marekebisho yatakuja kama miamala mipya yenye nambari mpya, na ile 48,000 itakayotoka nisipoitazamia naweza kudhani ni malipo tuliyosahau kuandika. Jumatatu asubuhi nitaanzia hapo.