Kaunta ilirudishwa sifuri, tenki likafurika

Leo mchana jirani kaniita: tenki linamwagika, pampu haizimi. Kidhibiti chake, chenye chipu ya ATmega328P, kiliganda kikisubiri jibu la sensa ya maji.

Ajabu, saa mlinzi ilikuwa imewashwa! Ni kaunta ndani ya chipu: programu isipoirudisha sifuri kwa wakati, chipu inaanzishwa upya kwa lazima.

Nikafungua msimbo. Fundi aliyetangulia aliweka `wdt_reset()`, amri ya kuirudisha kaunta sifuri, ndani ya interapti ya taima, kipande cha msimbo ambacho taima hukiita kila baada ya muda.

Yaani programu kuu imekwama, lakini interapti inaendelea kupiga na kaunta inarudishwa sifuri. Ni kama askari wa geti anayeripoti "kwema" bila kuingia ndani.

Nikaihamishia amri hiyo kwenye mzunguko mkuu wa programu, baada ya sensa kusomwa. Muda nikaweka `WDTO_8S`, takriban sekunde 8.

Kisha nikaushika waya wa data wa sensa kwenye graundi makusudi. Kimya... tukasubiri...

Tak! Chipu ikaanza upya, rilei ikaachia, pampu ikazima. Jirani akacheka kwa sauti.

Sensa yenyewe bado mbovu, hilo saa mlinzi haiponyi.

Nyie kaunta mnairudishia sifuri wapi?