Gasketi ikishakauka, usilaumu kahawa

Espreso ikianza kuwa chungu na kali kama ndimu kwa wakati mmoja, wengi hukimbilia kubadilisha kahawa au kusaga upya. Mimi huanza juu, kwenye kichwa cha mashine, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uiname. Nitaandika kuhusu Gaggia Classic kwa kuwa imezoeleka majumbani, na kichwa chake ni rahisi kukifungua.

Gasketi ni ile pete ya mpira inayoziba kati ya kichwa na mkono wa kahawa, ule unaoujaza kahawa iliyosagwa. Joto huikausha taratibu. Ikiwa nzima, ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea na kurudi. Ikichoka, ukucha unateleza kama juu ya plastiki. Dalili nyingine ni mkono wenyewe: zamani ulikaza ukiwa umekuelekea wewe, sasa unavuka kwenda kulia kabisa ndipo ukaze. Kuukaza kwa nguvu zaidi kunamaliza masikio yake tu.

Chukua mfano wa gramu 18 za kahawa zilizozoea kutoa gramu 36 kikombeni kwa sekunde 28. Siku hizi sekunde ni zilezile na pampu inanguruma vilevile, lakini kikombeni zimefika gramu 25, na maji ya kahawia yanatiririka nje ya mkono. Presha imepata njia ya mkato, kwa hiyo kahawa haisukumwi inavyotakiwa. Kusaga laini zaidi hapa kunaongeza uvujaji, kwa sababu kahawa inazidi kuyazuia maji nayo yanatafuta penye udhaifu.

Chomoa umeme, acha mashine ipoe. Fungua skrubu moja ya katikati inayoshika chujio lenye vitundu, kisha zile mbili za alenki zinazoshika sahani ya nyuma yake. Skrubu ikigoma, washa mashine kichwa chake kipate moto kidogo, chomoa umeme tena, ujaribu. Ukilazimisha, kichwa cha skrubu kitalika. Gasketi iliyokauka haitoki kwa kuvutwa na vidole. Zungushia ndani yake skrubu nyembamba ya kufungia mbao, kina cha milimita chache, kisha vuta skrubu kwa koleo. Mara nyingi gasketi hukatika vipande, na hapo ndipo kazi huharibika: kipande kidogo kikibaki mferejini, gasketi mpya itakaa upande na itavuja siku hiyohiyo. Kwangua mfereji kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, mpaka chuma king'ae pande zote.

Ukiondoa sahani utaona uchafu mweusi unaonata, mafuta ya kahawa yaliyoungua. Kila kikombe hupitishiwa maji yaliyogusa mafuta hayo, na uchungu ule hautokani na kahawa mpya. Chujio la chuma cha pua liloweke nusu saa kwenye maji moto yenye kijiko cha chai cha unga wa kusafishia mashine za espreso kwa kila nusu lita, kisha lisuuze vizuri. Sahani ya alumini usiiloweke humo, unga huo huila. Isugue kwa brashi na sabuni ya vyombo. Halafu inua chujio kwenye mwanga. Kama vitundu vya upande mmoja bado vimeziba, nunua jipya: maji yakishuka upande mmoja, huchimba shimo kwenye kahawa, sehemu moja inakamuliwa kupita kiasi na nyingine inabaki mbichi. Ndiyo sababu ya uchungu na ukali pamoja.

Gasketi ya Classic ni ya milimita 8.5 kwa unene. Napendelea ya silikoni kwa kuwa hukawia kukauka. Ibane mferejini kwa vidole gumba ukizunguka pole pole, kisha rudisha sahani na chujio. Skrubu ya chujio isikazwe mno, hulipinda. Mkono sasa utakaza kushoto kidogo ya katikati, na hiyo ni sawa, utasogea wenyewe.

Limebaki chujio la maji ndani ya tangi. Resini yake huondoa chokaa, nayo ikichoka hairudi. Fuata idadi ya lita iliyoandikwa kwenye pakiti, si mwonekano wake. Ila haiondoi chumvi. Kwa visima vya Dar es Salaam vyenye maji ya chumvi, chujio hili halitoshi, na chumvi hula boila. Tumia maji mengine kabisa.

Loweka chujio jipya la maji kabla ya kulifunga, maana likiwa kavu hubeba hewa na pampu itanguruma bila kutoa kitu. Likishakaa, pitisha maji bila mkono mpaka yashuke kama mvua sawasawa, ndipo urudie zile gramu 18 kwa msago uleule.