Nilivyovunja bima ya gari kwa barua moja na kurudishiwa hela ya miezi ambayo sikuitumia

Naandika hii kwa hasira kidogo maana nilipouza gari kila mtu alinipa ushauri, na karibu wote ulikuwa wa hovyo. Eti "achana nayo tu, itaisha yenyewe". Ndugu yangu, bima kubwa ya mwaka mzima nimeshailipia yote mwanzoni, sasa ikiisha yenyewe mimi napata nini? Huo ushauri ni wa mtu anayelipa kwa mwezi, anaacha kulipa inakufa. Wewe uliyelipa mwaka, kila siku unayokaa kimya ni hela yako inayoliwa, tena inaliwa kwa ajili ya gari ambalo liko kwa mtu mwingine na hata likigongwa kesho wewe huna cha kudai.

Nilianza na wakala aliyenikatia, si ndo mtu ninayemjua. Nikamwandikia wasap, nimeuza gari, nisitishie bima, nirudishiwe kilichobaki. Akajibu fasta, "Sawa boss, nimeshalifanyia kazi." Roho ikatulia. Baadaye namuuliza vipi, ananiambia mfumo uko chini. Mara aliyepaswa kusaini yuko likizo. Mara "boss kwani hununui gari lingine, si tusubiri tuhamishe?" Hapo nikashtuka, huyu mtu hataki. Na ukifikiria utamuelewa, wakala analipwa kamisheni kutokana na ada uliyolipa, na ada ikirudishwa kampuni kwa kawaida inamkata ile kamisheni ya sehemu iliyorudi. Yaani unamwomba mtu akusaidie kumtoa yeye hela mfukoni. Mtu mzuri kabisa, tunasalimiana mpaka leo, ila kwa kazi hii simpendekezi kwa yeyote. Sikumtukana, nilimuacha nikaenda kuitafuta ile karatasi ndefu ya mkataba ambayo hakuna anayeisoma.

Kipengele unachokitafuta kinahusu kusitishwa kwa mkataba, kwangu kilikuwa kule nyuma kwenye masharti ya jumla. Kina sehemu mbili na usizichanganye. Ya kwanza, kampuni ikikufukuza yenyewe, inakurudishia kwa hesabu ya siku, siku zilizobaki unalipwa zote. Ya pili, wewe ukiondoka mwenyewe, wanatumia jedwali la muda mfupi, na hapo ndo utajua hujui. Jedwali langu lilisema ukikaa mpaka mwezi mmoja wanabaki na robo ya ada, mpaka miezi mitatu wanabaki na nusu, mpaka miezi minne asilimia 60, mpaka sita asilimia 75, ukivuka minane hakuna kitu, wanachukua yote. La kwako litakuwa na namba zake, na kuna mikataba mingine inakurudishia kwa siku hata ukiondoka mwenyewe, kwahiyo soma wa kwako usichukue namba zangu. Na chini yake kuna kamstari kadogo, hurudishiwi chochote kama ndani ya mwaka huo umeshadai fidia. Mimi sikuwa nimedai hata kioo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ada ni laki sita, namba ya mfano tu. Bima yangu ilianza tarehe 10 Februari, na barua yangu ilipokelewa tarehe 6 Mei. Zimetumika siku 85, zimebaki 280. Kwa hesabu ya siku ningerudishiwa laki nne na sitini na kidogo. Kwa jedwali lao niko ndani ya miezi mitatu, wanakula nusu, narudishiwa laki tatu. Inauma lakini nimesaini. Ila angalia hapa: miezi mitatu inaisha tarehe 9 Mei. Nikichelewa mpaka tarehe 10 nimeingia mwezi wa nne wa bima, wanakula asilimia 60, narudishiwa laki mbili na arobaini. Elfu sitini imepotea kwa kulala siku chache. Hii ndo sababu yule wakala na "mfumo uko chini" yake alinipandisha presha, jedwali halikati hela kidogo kidogo kila siku, linakata kwa kuruka, na ukishavuka mstari umevuka.

Barua nikaiandika usiku huohuo, fupi, haina hadithi. Kaka yangu aliisoma akasema ni kavu mno, nianze na "naomba uongozi wako tukufu unifikirie". Nikamwambia hapana, hapa siombi kazi. Mkataba unanipa haki ya kusitisha muda wowote kwa maandishi, kwahiyo kusitisha natoa taarifa, kinachoombwa ni hela tu. Ukiomba kusitishiwa watakaa na ombi lako wakilitafakari na siku zinakwenda. Ilikuwa hivi:

"Natoa taarifa kwamba ninasitisha bima namba (namba ya mkataba) ya gari lenye usajili namba (namba ya gari) kuanzia tarehe barua hii inapopokelewa, kwa mujibu wa kipengele cha kusitisha kilichomo kwenye masharti ya mkataba. Gari limeuzwa, nakala ya hati ya mauziano imeambatishwa. Sijadai fidia yoyote katika kipindi hiki. Ninarudisha cheti halisi cha bima. Naomba kurudishiwa ada ya muda ambao haujatumika kupitia akaunti iliyotajwa hapa chini, na nipewe mchanganuo wa hesabu kwa maandishi."

Hapo kwenye cheti kulikuwa na kasheshe. Mnunuzi wa gari alitaka nimwachie stika na cheti, "aah kaka si bado kina miezi kibao, kiache tu kikae". Nikakataa. Kampuni nyingi hazikurudishii hata senti kama cheti bado kiko barabarani, maana kikiwa mikononi mwa mtu wanaweza kubebeshwa hasara ya ajali ambayo hawakulipwa. Nikakibandua mwenyewe kwa wembe na maji ya moto, polepole, kona ikachanika kidogo lakini namba zilisomeka. Kama chako ni cha kwenye mtandao hakuna cha kubandua, waambie wakuthibitishie kwa maandishi kwamba kimefutwa kwenye mfumo wao.

Nilipeleka nakala mbili. Dada wa mapokezi akachukua moja akaweka kwenye trei, akanirudishia nyingine vilevile nyeupe, "tutakupigia". Nikamwambia dada samahani, nigongee muhuri na tarehe hapa. Akasema muhuri uko kwa bosi na bosi yuko kikaoni. Nikasema sawa nitasubiri, nikakaa kwenye kiti kile cha mbele kabisa kinachoangalia meza yake, nikaweka karatasi yangu magotini, namtazama kwa upole kabisa. Kila mteja akiingia namsalimia, anauliza nimekuja kwa shida gani, namweleza kwa sauti ya kawaida tu, "nimekuja kuvunja bima, nasubiri muhuri." Mteja wa pili alikuwa amekuja kukata bima mpya, akaanza kuniuliza maswali, kwani wana shida gani hawa? Muhuri ukapatikana. Haukuwa kwa bosi, ulikuwa kwenye droo yake. Tarehe 6 Mei, na sahihi juu yake, nikaupiga picha kabla sijatoka mlangoni, kisha nikaituma barua ileile pamoja na picha ya muhuri kwa imeili ya ofisi, ili kama karatasi itapotea (na karatasi hupotea, tena hizi za kudai hela ndo zinaongoza) imeili ipo na ina tarehe yake.

Wakanyamaza wiki kadhaa. Halafu ukaja mchanganuo na nikacheka peke yangu. Walihesabu usitishaji kuanzia tarehe 28 Mei, siku ambayo faili lilimfikia anayeshughulika, kwahiyo wamekula asilimia 60 badala ya nusu. Na chini wameongeza "gharama za uendeshaji", kiasi kidogo tu cha kumfanya mtu aone aibu kulalamika.

Sikupiga simu. Simu unaongea na mtu mwenye sauti nzuri halafu kesho hakuna ushahidi. Nikajibu palepale kwenye ile imeili ya kwanza, nikaweka picha ya muhuri wao wenyewe, nikaandika mambo mawili tu: barua ilipokelewa tarehe 6 Mei hivyo niko ndani ya miezi mitatu, na naomba mnionyeshe namba ya kipengele kinachoruhusu hizo gharama za uendeshaji. Basi. Sikutishia kwenda kwa msimamizi wa bima ingawa anuani yake nilikuwa nimeshaitafuta na nilikuwa tayari kabisa. Wakajibu kwamba kulikuwa na "hitilafu ya kuingiza tarehe", wakaleta mchanganuo mpya, nusu ya ada, na zile gharama zimeyeyuka bila kutajwa tena. Kodi na tozo zilizokuwa juu ya ada hazikurudi, hapo sikubishana kwa sababu mkataba wangu ulisema wazi kwamba hesabu inafanywa kwenye ada yenyewe peke yake. Ukitaka kujua kiasi chako kabla hawajakwambia, chukua risiti, toa kodi na tozo, ndo uanze kuzidisha.

Gari langu halikuwa na mkopo. La jirani yangu lilikuwa nao na hela ya kurudi ikataka kwenda benki kwanza, kwa vile jina la benki liko kwenye mkataba wa bima kama mwenye maslahi. Ilibidi alete barua ya benki kwamba deni limeisha ndo wakamlipa yeye. Ukiwa na hali hiyo itafute hiyo barua kabla ya kuandika ya kwako, maana jedwali halitakusubiri.

Hela iliingia kwenye akaunti. Nilivyoona nikaomba vitu viwili vya mwisho ambavyo wengi wanavisahau: hati ya kuthibitisha kwamba mkataba umefutwa na tarehe yake, na barua inayosema nimekaa miaka mingapi nao bila kudai fidia. Hiyo ya pili ndo inaniletea punguzo nikinunua gari lingine, na kampuni mpya haitakuamini kwa mdomo. Ya kwanza wameshanipa. Ya pili wanasema inasainiwa na bosi, na bosi, kama mlivyotegemea, yuko kikaoni.