Mbegu za Rangi ya Waridi

Jioni hii, mvua ya kwanza ya Machi ilipoanza kudondoka hapa Kayole, mjukuu wangu alitoka nyuma ya nyumba akiwa amefumbata punje tano za mahindi. Jirani anapanda kando ya uzio, zilikuwa zimemponyoka. "Babu, hizi ni pipi?" Nilimpokonya kwa nguvu kuliko ilivyofaa, akaangua kilio. Zilikuwa za waridi. Mbegu hupakwa dawa ya wadudu na ukungu, kisha hutiwa rangi makusudi ili mtu asije akazisaga ugali. Nikamnawisha kwa sabuni. Rangi ikabaki kwenye vidole vyangu mimi, na hapo hapo nikajikuta Timboroa, usiku ule nilipokuwa dereva wa lori la mbegu.

Tulipakia Eneo la Viwanda saa nane mchana: mifuko 700 ya kilo 10, tani saba kamili. Wakulima wa Kitale hesabu yao ni nyepesi, kilo 10 ekari moja, kwa hiyo nilikuwa nimebeba ekari 700. Huko mvua ilikuwa imeshaanza. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane, na anayekawia kupanda hulipa wakati wa kuvuna. Tena trekta la kukodi halimngoji mtu. Likikukuta huna mbegu linahamia kwa jirani. Mama mwenye duka la pembejeo alikuwa amenipigia simu mara nne. Naivasha, Nakuru, Salgaa, sikusimama hata kunywa chai.

Juu Timboroa tukakutana na mvua ya mawe. Baridi ya kule inajulikana. Mara tanboi akapiga kelele, "Dere, turubai!" Kamba ilikuwa imelichana pembeni, upande wa nyuma, na lile pengo lilikuwa linakinga maji kama mdomo wa kuku.

Tulipanda wote wawili na tochi moja. Mfuko ulioloa huujui kwa macho usiku, unaujua kwa mkono: unalegea pembeni, na uzito wake haulingani na mwenzake. Nikawa naubonyeza mmoja mmoja. Mfuko wa kwanza kulowa niliutoboa kidogo kwa kidole, nikachota punje chache. Nilipofungua kiganja kwenye mwanga wa tochi kilikuwa chekundu, kama nimechinja. Dawa ilikuwa inatoka. Tanboi alinitazama mkono, akanitazama usoni, hakusema kitu. Mvua ilikuwa inapiga turubai kama mtu anayepepeta njugu. Tulihesabu mifuko 23.

Sasa sikia ujinga wangu. Lori letu injini yake iko chini ya viti, na katikati kuna kifuniko kinachochemka hasa ukipanda mlima. Nikachukua mifuko minne, nikailaza pale. Nilidhani naikausha. Kumbe punje kavu ni kama mtu aliyelala, joto linampitia tu. Ikishanywa maji imeamka, na joto lile lile linaua kiini chake. Ilitakiwa kuanikwa kivulini, kwenye upepo, kabla mzizi haujachungulia. Haya nilielezwa baadaye.

Kitale tulifika alfajiri, watu wamekaa kwenye veranda ya duka. Mifuko mikavu iliondoka kwa mikokoteni na bodaboda kabla ya adhuhuri. Mifuko 23 nilimwonyesha Mama, nikamwambia imelowa. Ya injini nilikuwa nimeshaichanganya na mingine. Hilo sikulisema.

Mama alikuwa makini. Aliimwaga na kuianika stoo kwenye magunia, kila mfuko na gunia lake. Kisha akachukua mifuko mitano, akahesabu punje 100 kutoka kila mmoja, akazikunja kwenye kitambaa kibichi na kungoja siku saba. Mbegu nzuri iliyothibitishwa huota 90 au zaidi. Alinipigia simu nikiwa nimerudi Nairobi. Minne ilikuwa imeota themanini na kitu. Mmoja uliota 31.

"Dereva, huu ulipatwa na nini?"

"Maji, Mama."

"Yote yalikuwa maji."

Nikakaa kimya. Akaendelea, kama anayezungumza na nafsi yake, kwamba siku ya tatu, kabla kitambaa hakijafunguliwa, mzee mmoja alikuja akimsihi. Trekta lilikuwa limesimama shambani kwake na mjini mbegu ile imekwisha. Akampa mifuko miwili ya zile zilizoanikwa, kwa nusu bei, na kumshauri atie punje tatu kila shimo badala ya mbili.

"Alichukua ipi?" nikauliza.

"Ile ya karibu na mlango."

Ni mimi niliyeipanga mifuko ile stoo asubuhi ile, kwa mikono yangu miwili. Mpaka leo nikijaribu kuiona stoo, naona mlango, naona magunia, naona viganja vyangu vyekundu. Ile minne ya injini sijui niliiweka wapi.

Mtoto amenyamaza sasa. Ananiuliza kama zile punje tano tunaweza kuzipanda.