Mapigo ya Mita Sita

Jana binti yangu alikuwa dirishani akisikiliza nyundo ya kuchoronga kwenye kiwanja cha jirani. "Baba, mbona wanapiga huku wanahesabu?" Nikamwambia wanapima nguvu ya ardhi kabla ya kujenga. Jibu lilimtosha. Mimi nikabaki namwaza Mzee niliyewahi kuchoronga naye, na lile shimo la mchanga.

Siku ile daftari nilishika mimi. Nyundo ya kilo 63.5 inaanguka sentimita 76, inazamisha bomba la sampuli sentimita 45 kwa hatua tatu za sentimita 15. Mapigo ya hatua ya kwanza yanaandikwa tu, hayaingii kwenye jumla, maana sehemu ya chini ya shimo imekwisha vurugwa na uchorongaji. Ya hatua mbili za mwisho yanajumlishwa, na jumla ndiyo N, namba inayoonyesha ardhi imeshikamana kiasi gani.

Kwenye mita 6, chini ya usawa wa maji ya ardhini, niliandika 2, 2, 3. N ni 5, yaani mchanga uliolegea. Msimamizi akaanza papo hapo kuzungumzia nguzo za kina badala ya msingi wa kawaida.

Mzee hakumjibu. Alifunga kipande cha chuma kwenye ncha ya futi kamba, akakiteremsha taratibu mpaka kamba ikalegea vidoleni. Akaivuta, akaiteremsha tena.

"Mwanangu, tulichoronga mpaka wapi?"

"Mita 6, Mzee."

"Hapa pana tano na nusu. Na kabla ya pigo la kwanza niliona fito zimebaki juu mno."

Akanieleza. Vifaa vilivutwa haraka, maji ndani ya shimo yakashuka chini ya usawa wa maji ya nje. Maji ya nje yakajipenyeza kutokea chini, yakainua mchanga na kuulegeza. Bomba lilianzia mita 5.5, likaishia 5.95. Sentimita zote 45 tulikuwa tunapiga mchanga uliopanda, wala hatukuugusa ule tuliokuja kuupima.

Tulichoronga shimo jingine umbali wa mita mbili. Safari hii maji yalijazwa mpaka juu muda wote, vifaa vikapandishwa polepole, na kina kikapimwa kabla ya nyundo kuachiwa. Mita 6: 6, 8, 10. N ni 18, mchanga ulioshikamana kwa wastani. Msingi wa kawaida ukarudi mezani.

Msimamizi alitaka ile 5 ifutwe. Mzee akakataa katakata. Akataka ibaki, na pembeni niandike kwamba mchanga ulipanda sentimita 50. Niliandika, na bado naamini ilistahili kubaki. Ushahidi wa futi kamba ulikuwa mzito. Lakini ardhi huweza kubadilika ndani ya mita mbili, na pale penyewe, kwenye shimo la kwanza, mchanga ulikuwa umekwisha vurugika. Hakuna ambaye angeweza kuupima upya.