Mteja kanilipa invoisi moja mara mbili, na nusura niandike kredit noti ya kuniharibia hesabu

Nashona mapazia na foronya za makochi hapa Malindi, duka liko upande wa Shella, na wateja wangu wakubwa ni zile nyumba za wageni za Casuarina na Watamu. Mwezi wa tatu nyumba moja ya Casuarina ilichukua foronya 40, kila moja 1,500, yaani 60,000, ukiweka VAT ya asilimia 16 ambayo ni 9,600 inakuwa 69,600. Nikatoa invoisi kwa eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, tarehe 4, nikaituma wotsap kwa meneja wa nyumba na pia kwa mhasibu wao aliyeko Mombasa. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa mwenyewe, kutuma bili moja kwa watu wawili.

Tarehe 12 meneja akalipa kwa M-Pesa, lakini meseji ikaja na jina lake yeye si jina la nyumba, na mimi siku hiyo nilikuwa na maharusi watatu wanataka nguo zao, nikaiona pesa nikasema hii ntaiangalia baadaye. Sikuiangalia. Tarehe 17 nikafungua daftari nikaona invoisi bado iko wazi, nikamtumia mhasibu ukumbusho tena kwa lugha kali kidogo, na yeye maskini tarehe 19 akalipa 69,600 nyingine kwa benki.

Nilijua tarehe 2 Aprili nilipokuwa nafunga hesabu za Machi. Msichana anayenisaidia dukani alikuwa ameipata ile pesa ya M-Pesa haina invoisi, akaiandika mauzo ya kaunta. Nashukuru aliandika kwa daftari tu hakutoa risiti ya eTIMS, maana angetoa ningekuwa natakiwa kulipa VAT ya mauzo ambayo hayakuwepo. Kilichonishtua ni kwamba mauzo ya kaunta ya siku ile yalizidi foronya na vitambaa vilivyotoka, na hiyo 69,600 duka langu halijawahi kuiuza kwa kaunta kwa siku moja.

Kabla sijampigia mtu yeyote simu nilichukua taarifa ya M-Pesa na ya benki nikahakikisha pesa zote mbili zimeingia kweli na hazijarudishwa. Meseji peke yake sikuiamini, kwa sababu mtu anaweza kuomba M-Pesa irudishwe kule kwao huku na wewe unamrudishia, ukajikuta umelipa mara mbili wewe.

Nikampigia mhasibu. Kijana mstaarabu, akaniambia, "Mama, hamna neno, wewe nitumie kredit noti ya hiyo 69,600 na pesa urudishe benki, tunafunga nyumba msimu huu wa mvua." Akaongeza kuwa wageni wamekataa foronya 4, zipu zinakwama, zimo kwa mfuko zinarudi na dereva. Nikasema sawa. Nikafungua eTIMS, nikatafuta ile invoisi, nikaanza kuandika kredit noti ya 69,600 nzima.

Mpwa wangu anayeniwekea hesabu akanikuta hapo. Akaniuliza, "Shangazi, foronya zimerudi?" Nikamwambia nne tu. "Sasa unafuta mauzo ya arubaini kwa nini?"

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakichanganya. Kredit noti inapunguza invoisi, yaani inasema mauzo haya, au sehemu yake, hayakusimama, labda bidhaa imerudi au bei ilikosewa. Kulipwa mara mbili hakujagusa mauzo, foronya 36 ziko kwenye makochi ya watu Casuarina na VAT yake ni halali. Ningeiandika ile ya 69,600 mauzo yangu yangesoma sifuri, VAT ya 9,600 ingefutika na bidhaa mteja anazo, na mhasibu naye ambaye labda kashaidai hiyo 9,600 kwa watu wa kodi upande wake angelazimika kuirudisha. Na pesa ya ziada bado ingebaki haina maelezo, maana ningekuwa nimefuta invoisi iliyolipwa vizuri.

Kwa hiyo tukatenganisha mambo mawili. Malipo ya kwanza, ya M-Pesa, tukayatoa kwenye mauzo ya kaunta tukayafungia invoisi. Malipo ya pili, ya benki, tukayaweka kwenye ukurasa wa huyo mteja kama pesa yake iliyoko kwangu, si mapato, ni deni ninalodaiwa. Hiyo haihitaji kredit noti, inahitaji barua fupi na taarifa ya akaunti yake tu.

Kredit noti tukaiandika ya foronya 4 peke yake. Kwa eTIMS inashikana na invoisi ile ile ya mwanzo, 6,000 na VAT 960, jumla 6,960. Mpwa akanihimiza tusilaze, kwa sheria ya VAT una miezi 6 tangu siku ya invoisi, ukipitisha hapo hiyo VAT umeipoteza. Na kwa sababu imetoka Aprili inaingia kwenye ritani ya Aprili, ile ya mwisho tarehe 20 Mei, ya Machi haiguswi.

Taarifa niliyomtumia mhasibu ilikuwa mistari michache tu. Invoisi 69,600, M-Pesa ya tarehe 12 ikaifuta, benki tarehe 19 ikaacha yeye ananidai 69,600, kredit noti ikapandisha ikawa 76,560. Mwanzoni alinung'unika kwamba bosi wake anataka karatasi ya kiasi kizima, nikamwelezea habari ya ile VAT ya upande wao, akanyamaza kidogo, akasema haya.

Kumbe bado. Jioni meneja akanipigia, ati pesa ya M-Pesa ni yake irudi kwake yeye, alitoa kwenye pesa za matumizi ya nyumba. Simlaumu, lakini kwangu mimi malipo ya kwanza ndiyo yaliyolipa deni na ya pili ndiyo ya ziada, na ile ya pili ilitoka akaunti ya kampuni. Nikamwambia, "Kaka, mimi narudisha pale pesa ilipotoka, nyinyi mtaelewana huko." Nikamwomba mhasibu aniandikie kwa imeili kiasi na akaunti, nisije nikaulizwa kesho.

Sasa aibu yangu. Ile pesa nilikuwa nishaila, yaani nilinunulia kitambaa Mombasa, nilidhani biashara imechangamka. Nikamweleza mhasibu ukweli tukakubaliana mara mbili, 40,000 wiki ile ile na 36,560 mwisho wa mwezi, makato ya benki juu yangu. Kila nilipotuma niliandika namba ya invoisi na neno "marejesho", na mwisho wa Aprili ukurasa wake ukasoma sifuri.

Siku hizi invoisi inaenda kwa mhasibu peke yake, na kabla ya kumkumbusha mtu napitia kwanza pesa za M-Pesa zisizo na mwenyewe. Zile foronya 4 nilizibadilisha zipu, mbili nimeuza, mbili ziko kwenye kochi langu nyumbani, watoto wameshazimwagia chai.